Mti Ulio Sawa Huanzia Katikati

Chukua namba 7 zilizopangwa: 3, 8, 12, 20, 31, 45, 60. Ukiziingiza kwenye mti wa utafutaji kwa mfuatano huo, kila moja itaning'inia kulia kwa iliyotangulia, na kuifikia 60 utazipitia zote.

Badala yake, ifanye ya katikati, 20, iwe mzizi. Kushoto zinabaki 3, 8 na 12. Ya katikati ni 8. Kulia ni 45. Rudia hivyo hadi kila namba ipate nafasi yake. Sasa mti una ngazi 3 tu. Kwa namba milioni moja, ngazi ni 20.

Lakini orodha ikiwa haijapangwa, namba ndogo huweza kuangukia upande wa kubwa, na utafutaji hautaiona. Hakikisha mpangilio kwanza.