Hewa Inapotoka kwa Kasi Yake ya Mwisho

Jioni ya Agosti 29, 2018, waongozaji wa safari za anga waliokuwa Houston na Moscow waliona shinikizo la hewa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu likianza kushuka. Wanaanga sita walikuwa wamelala. Hawakuamshwa. Waliokuwa zamu walikagua vipimo, wakaona hakuna hatari ya papo hapo, wakawaacha wapumzike mpaka saa yao ya kawaida ya kuamka. Siku iliyofuata tundu likapatikana: lilikuwa kwenye ukuta wa chombo cha Soyuz MS-09 kilichokuwa kimeegeshwa kituoni, na upana wake ulikadiriwa kuwa milimita 2.

Uamuzi wa kumwacha mtu alale huku hewa anayovuta ikivuja unaweza kumshangaza msomaji. Nje ya ukuta ule hakukuwa na hewa kabisa. Filamu zimetuzoesha kuamini kwamba ombwe la anga za juu hufyonza kila kitu, na kwamba tobo dogo tu latosha kumaliza watu. Ukweli ni kwamba ombwe halivuti chochote. Hewa husukumwa kutoka ndani, na ina kikomo ambacho haivuki hata nje kukiwa kutupu kiasi gani. Kikomo hicho hukokotolewa kwa mambo machache: ukubwa wa tundu, aina ya gesi, na shinikizo na joto la gesi ikiwa bado imetulia ndani, mbali na tundu. Shinikizo la nje halimo katika hesabu hiyo.

Jambo hilo liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 1839 Wafaransa wawili, Adhémar Barré de Saint-Venant na Pierre Wantzel, waliandika kanuni ya gesi inayotoka kwenye chombo kupitia tundu. Ilikuwa na tabia ya ajabu. Ukipunguza shinikizo la nje kidogo kidogo, kiasi cha gesi inayotoka huongezeka, hufika kilele, kisha huanza kupungua, na nje kukiwa ombwe kamili jibu huwa sifuri. Kwa kanuni hiyo ikisomwa ilivyo, Soyuz isingevuja hata chembe!

Kosa halikuwa kwenye hesabu yenyewe. Lilikuwa katika kudhani kwamba shinikizo la hewa pale kooni mwa tundu ni lazima lilingane na la nje. Katika miaka ya 1880 Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi mjini Manchester, alieleza kinachotokea. Gesi ikishafika kwenye kile kilele, huwa inapita kooni kwa kasi ya sauti. Taarifa ya shinikizo kushuka nje nayo husafiri ndani ya gesi kwa kasi ya sauti, si zaidi. Kwa hiyo haiwezi kupenya kurudi ndani, kama mwogeleaji anayekata maji kuelekea juu ya mto wenye kasi sawa na yake. Hewa iliyo ndani haipati kujua kwamba nje pameshuka zaidi, na mtiririko hubaki pale pale kwenye kilele. Hapo ndipo wahandisi husema mtiririko umekabwa.

Lakini kwa nini kuwe na kilele? Kiasi cha hewa kinachopita kwa sekunde ni zao la vitu vitatu: msongamano wa hewa, kasi yake, na eneo la tundu. Hewa inapokimbilia kwenye tundu huongeza kasi, lakini wakati huo huo hutanuka na kuwa nyepesi. Mwanzoni kasi hupanda upesi kuliko msongamano unavyoshuka, hivyo kinachopita huongezeka. Ikishafika kasi ya sauti mambo hugeuka: kila nyongeza ya kasi hugharimu msongamano mwingi zaidi. Kwa hewa, mgeuko huo huja pale shinikizo la kooni linapokuwa asilimia 53 ya shinikizo la ndani. Gesi nyingine hutofautiana kidogo, lakini nyingi huzunguka kwenye nusu hiyo hiyo.

Tuichukue hewa ya kituoni na kuifuata hatua kwa hatua. Ndani shinikizo ni kama la usawa wa bahari, yaani pascal 101,000 hivi, au milimita 760 za zebaki. Joto tuliweke nyuzi 22, ambazo ni kelvini 295. Kila mita ya ujazo ina takriban kilo 1.2 za hewa. Hewa hiyo ikifika kooni mwa tundu, shinikizo limeshuka hadi pascal 53,500, msongamano hadi kilo 0.76 kwa mita ya ujazo, na joto limeporomoka hadi nyuzi 27 chini ya sifuri, kwa sababu nishati ya joto imegeuka kuwa mwendo. Katika baridi hiyo kasi ya sauti ni mita 314 kwa sekunde. Tundu la milimita 2 lina eneo la milimita za mraba 3.14. Ukizidisha msongamano, kasi na eneo, unapata gramu 0.75 za hewa kwa sekunde.

Kwa hewa, hatua hizo zote zinaweza kukunjwa katika mstari mmoja:

```
m = 0.0404 × A × p0 / √T0
```

Hapa m ni kilo kwa sekunde, A ni eneo la tundu kwa mita za mraba, p0 ni shinikizo la ndani kwa pascal, na T0 ni joto la ndani kwa kelvini. Ile namba 0.0404 hubeba tabia za hewa. Gesi nyingine ina namba yake. Tazama pia kwamba shinikizo likiongezeka maradufu, uvujaji nao huongezeka maradufu, lakini joto limo ndani ya kipeuo cha pili, kwa hiyo tofauti ya nyuzi chache haibadilishi jibu kwa kiasi cha kutisha.

Gramu 0.75 kwa sekunde ni kilo 2.7 kwa saa. Ujazo wa kituo unaoshikilia shinikizo ulikuwa takriban mita za ujazo 900, zenye hewa kama kilo 1,080. Kwa hiyo kila saa ingepotea robo moja ya asilimia, na kipimo kingeshuka milimita 1.9 za zebaki. Taarifa za wakati ule zilitaja kushuka kwa milimita 0.8 hivi kwa saa, chini ya nusu ya hesabu yetu.

Tofauti hiyo ina maelezo, na ndiyo sehemu yenye faida kubwa kwa anayetaka kuitumia kanuni hii. Kwanza, kanuni inadhani hewa inajaza koo lote. Kwenye tundu lenye kingo kali mkondo hujibana na kuwa mwembamba kuliko tundu lenyewe, na kuta za tundu refu huuchelewesha kwa msuguano. Wahandisi hurekebisha kwa kuzidisha na kigezo kisichofika 1. Kwa tundu la namna hii 0.8 ni makadirio ya kuridhisha. Pili, eneo hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, hivyo kukosea kidogo kwenye kipenyo ni kukosea sana kwenye jibu. Tundu la milimita 1.5, ambalo mtu angeweza kulikadiria kuwa 2, lina eneo kama asilimia 56 tu ya lile la milimita 2. Unganisha mawili hayo na jibu linakuwa milimita 0.85 kwa saa. Haithibitishi kwamba tundu lilikuwa na milimita 1.5, lakini inaonyesha kwamba kipimo na kanuni havigombani.

Kwa mwendo huo, shinikizo la kituo lingechukua karibu siku 27 kufika nusu hata kama hakuna hewa ya akiba ambayo ingeongezwa. Na kadiri shinikizo la ndani linavyoshuka, ndivyo uvujaji wenyewe unavyopungua. Ndiyo maana watu waliachwa walale.

Kanuni hiyo hiyo hueleza namna ya kulisaka tundu. Kiasi cha gramu zinazotoka hakitegemei ukubwa wa chumba. Lakini kasi ya kushuka kwa shinikizo huutegemea sana. Kituo kizima kikiwa wazi, milimita 0.8 kwa saa ni mabadiliko ya kuvizia. Funga mlango wa chumba kidogo chenye tundu, tuseme cha mita za ujazo 6, na uvujaji ule ule sasa unalishwa na hewa iliyo ndogo mara 150. Kipimo cha chumba hicho kitashuka milimita 120 kwa saa, yaani mbili kila dakika, na mtu ataona mshale ukisogea. Tundu la Soyuz lilipojulikana lilifunikwa kwanza kwa utepe wa kuhimili joto, uvujaji ukapungua, kisha likazibwa kwa kitambaa kilicholowekwa gundi ya epoksi.

Huku chini, mtiririko uliokabwa upo kwenye kompresa ya kila fundi wa pancha, ila kuna mtego mmoja. Geji ya kompresa husoma shinikizo lililozidi lile la hewa ya nje, si shinikizo lote. Geji ikisema bar 8, ndani kuna bar 9, na kanuni inataka hizo 9. Ukisahau hilo wakati tangi limejaa utakosea kama sehemu moja ya tisa. Ukisahau geji ikiwa kwenye bar 1 utapata nusu ya jibu. Tena kanuni ina mwisho wake. Kwa kuwa nje kuna bar 1, mtiririko hubaki umekabwa mradi ndani kuna zaidi ya bar 1.9, yaani geji ikiwa juu ya 0.9. Chini ya hapo kasi ya kooni inakuwa ndogo kuliko ya sauti, shinikizo la nje linaanza kuhesabika, na mstari ule mmoja hutoa jibu kubwa kupita kiasi.

Juu ya mpaka huo, fundi anaweza kulipima tangi lake kwa saa ya mkononi. Tuseme ni tangi la lita 100, limejazwa hadi bar 8 na kuachwa lipoe. Mota imezimwa, hakuna anayetumia hewa, na baada ya dakika 10 geji inasoma 7. Kushuka bar 1 katika lita 100 ni kupoteza gramu 116 za hewa kwenye joto la nyuzi 27, sawa na gramu 0.19 kwa sekunde. Shinikizo la ndani kwa wastani lilikuwa bar 8.5. Ukiirudisha kanuni kinyumenyume unapata eneo la karibu sehemu moja ya kumi ya milimita ya mraba, au tundu la upana wa milimita 0.35 tu, na kwa sababu ya ule mkondo kujibana, tundu halisi litakuwa pana kidogo zaidi. Tundu la ukubwa huo halionekani kirahisi kwa macho. Fundi achukue brashi na povu la sabuni, aanzie kwenye viungo vya mpira na valvu ya kutolea maji chini ya tangi.