Valvu Iliyotolewa na Vibali Viwili

Anayejiandaa kwa mtihani wa cheti cha afisa usalama kazini hukuta maswali ya kuchagua kuhusu vibali vya kazi hatarishi yakionekana mepesi. Majibu manne yamepangwa, mawili ni upuuzi mtupu, na yanabaki mawili yanayofanana. Hapo ndipo wengi wanapoteza alama, kwa kuwa jibu lisilo sahihi mara nyingi linaeleza jambo ambalo watu hulifanya kila siku kazini.

Nimechagua maswali machache, na matatu ya kwanza nayatoa katika tukio moja: kuungua kwa jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, takriban kilomita 190 kutoka Aberdeen, Uskoti, usiku wa tarehe 6 Julai 1988. Watu 167 walikufa, wawili kati yao wakiwa waokoaji. Walionusurika ni 61. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Cullen ilitoa ripoti yake mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106, na sehemu kubwa ya yale yanayofundishwa leo kuhusu vibali imepitia katika ripoti hiyo.

Jukwaani kulikuwa na pampu mbili, A na B, za kusukuma mafuta mepesi yanayopatikana gesi inapopozwa na kugeuka kimiminika. Mchana wa siku ile pampu A ilizimwa ili ifanyiwe matengenezo makubwa, na kibali chake kikaandikwa. Kwa kuwa imesimama, mafundi wengine wakapewa kibali cha pili: kuitoa valvu ya usalama ya pampu hiyohiyo wakaipime. Wakaitoa, na mdomo wa bomba uliobaki wazi wakauziba kwa kifuniko cha chuma. Kifuniko hicho hakikukazwa kiasi cha kuzuia mvuke. Jioni ilipofika valvu ilikuwa haijarudishwa.

Swali la kwanza. Kazi haiwezi kumalizika kabla ya zamu kubadilishana. Kibali kifanyiwe nini?
A. Kiachwe kama kilivyo, kwa kuwa kesho kazi ni ileile.
B. Kisimamishwe, mtoa kibali na mpokeaji wakague mahali pa kazi, na hali ya mtambo ikabidhiwe kwa zamu inayoingia.
C. Kifungwe, kesho kiandikwe kipya.
D. Kisainiwe na kuachwa mezani kwa msimamizi, atakisoma akipata nafasi.

Jibu ni B. Wanafunzi wengi huchagua C, na naelewa sababu: kufunga kunasikika kama kumaliza mambo vizuri. Lakini kibali kinapofungwa, kinawaambia watu wote kwamba kazi imekwisha na mtambo unaweza kurudishwa kazini. Kufunga kibali huku valvu haipo ni kuandika uongo, hata kama nia ni njema. Kusimamisha kunasema kitu tofauti: watu wameondoka, kazi haijaisha, msiguse.

D inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana ndiyo iliyokuwa desturi Piper Alpha. Tume ilikuta kwamba ilishazoeleka mwisho wa zamu fundi kuacha vibali mezani katika chumba cha udhibiti bila kumkabidhi mhusika mkono kwa mkono, ingawa utaratibu ulioandikwa ulitaka akabidhi mwenyewe. Jioni ile zamu ya usiku iliingia bila kuambiwa kwamba valvu ya pampu A imetolewa. Kwa hiyo ukiona katika chaguo karatasi inasafiri peke yake, bila watu wawili kukutana, lishuku.

Swali la pili. Mtambo mmoja una vibali viwili vinavyotumika kwa wakati mmoja. Kipi kinazuia kimoja kisahaulike?
A. Vibali vyote viwili viwe na rangi moja.
B. Kila kibali kitaje namba ya mwenzake, vyote vionekane mahali pamoja, na mtambo usiwashwe hadi vyote vifungwe.
C. Mtu mmoja avisaini vyote viwili.
D. Kila kibali kikae na idara inayofanya kazi hiyo.

Jibu ni B, na usiku ule unaonyesha kwa nini. Yapata saa 3:45 usiku pampu B ilisimama ikakataa kuwaka tena. Bila pampu hata moja, jukwaa zima lilikuwa hatarini kukosa umeme. Waendeshaji wakafikiria pampu A. Walijua kuna kibali cha matengenezo, na walijua pia kwamba matengenezo yale makubwa yalikuwa hayajaanza, yaani hakuna kilichofunguliwa ndani ya pampu. Kwa taarifa waliyokuwa nayo, kilichobaki ni kurudisha umeme na kuiwasha. Kibali cha valvu hawakuwa nacho mbele yao. Vibali vilivyosimamishwa vilihifadhiwa katika ofisi ya usalama, si katika chumba cha udhibiti, na hakuna karatasi iliyoitaja nyingine. Valvu yenyewe ilikuwa juu, mahali ambapo anayesimama kwenye pampu haioni kwa urahisi.

Naomba msomaji akae hapo kidogo. Watu wale hawakupuuza kibali. Walifanya uamuzi wenye mantiki kwa kutumia kibali kimoja kati ya viwili. Ndiyo maana chaguo C halitoshi: saini ya mtu mmoja inasaidia maadamu mtu huyo yupo zamu, naye huenda amelala. D ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ndiyo inayotenganisha taarifa mbili za kitu kimoja.

Muda mfupi kabla ya saa 4 usiku pampu A ikawashwa. Tume ilihitimisha kwamba, kwa uwezekano mkubwa, mafuta yalivuja pale kwenye kifuniko, yakawa wingu la mvuke, na wingu likalipuka.

Swali la tatu. Tuseme karatasi zote zimepotea. Ni kipi kingeweza bado kuzuia pampu A isisukume mafuta?
A. Lebo kubwa nyekundu yenye maneno ya onyo.
B. Tangazo katika kipaza sauti.
C. Kufuli kwenye valvu za kuingizia na kutolea mafuta, na ufunguo wake kutunzwa pamoja na kibali.
D. Utepe wa kuzungushia eneo.

Jibu ni C. Lebo, tangazo na utepe vyote vinamwomba mtu asifanye jambo. Kufuli inamzuia. Anayetaka kufungua valvu lazima autafute ufunguo, na akiutafuta anafika kwenye kibali na kwa fundi aliyekichukua. Piper Alpha haikuwa na utaratibu wa kufunga valvu za kutenga mtambo kwa kufuli, na tume iliona hilo kuwa kasoro. Katika mtihani swali hili huja kwa sura nyingi: nani aondoe kufuli, fundi akiwa amekwenda nyumbani na ufunguo afanyeje msimamizi, lebo bila kufuli inatosha lini. Msingi ni uleule. Anayeondoa kufuli ni aliyeiweka, na kama hayupo ufuatwe utaratibu ulioandikwa wa kumtafuta, kukagua eneo na kupata idhini, si mkasi wa chuma.

Sasa tutoke baharini. Swali la nne linahusu tangi la mafuta katika bohari, aina ya kazi inayofanyika katika miji yetu ya bandari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe kibali kwa mfanyakazi anayeweza kukumbana na kazi au mazingira hatarishi, nayo inataja matengenezo ya boila, kazi za gati na nafasi finyu. Tangi ni nafasi finyu.

Hewa ya tangi ilipimwa saa 3 asubuhi ikawa salama. Kibali kinaishia saa 12 jioni. Wafanyakazi waliingia kukwangua tope la mafuta, wakatoka saa 6 kwenda kula, na sasa ni saa 8. Wafanye nini kwanza?
A. Waingie, kibali bado hakijaisha muda.
B. Waingie wakiwa na barakoa za vumbi.
C. Hewa ipimwe tena na matokeo yaandikwe kwenye kibali kabla ya mtu kuingia.
D. Waandike kibali kipya kwa kunakili vipimo vya asubuhi.

Jibu ni C. Muda ulioandikwa kwenye kibali ni muda wa ruhusa, haukuhakikishi kwamba hewa imebaki kama ilivyokuwa. Tope lililokwanguliwa hutoa mvuke uliokuwa umefungiwa ndani yake, na jua la mchana linalipasha joto tangi na kuuzidisha. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wala haileti oksijeni. Na D ni mbaya kuliko A, kwa sababu inaficha kwamba hakuna aliyepima.

Watahini hupenda kuuliza pia mpangilio wa kupima. Huanza oksijeni, ikifuata gesi inayowaka, kisha gesi ya sumu. Kuna sababu ya kiufundi, na ukiijua hutahitaji kukariri. Vipimo vingi vya gesi inayowaka hufanya kazi kwa kuunguza gesi kidogo ndani ya kihisio, na kuunguza kunahitaji oksijeni. Oksijeni ikiwa chache, kifaa kinaweza kuonyesha namba ndogo huku tangi limejaa mvuke. Hewa ya kawaida ina oksijeni takriban asilimia 20.9; taratibu nyingi haziruhusu kuingia bila vifaa vya kupumulia ikiwa chini ya 19.5. Lakini hata 20.5 inafaa kuulizwa: kilichochukua nafasi ya ile iliyopungua ni nini? Upungufu wa sehemu ya asilimia unaweza kumaanisha gesi nyingine imeingia kwa kiasi cha kuua. Na upimaji ufanyike juu, katikati na chini, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia sakafuni.

Swali la mwisho ni fupi, nalo huwaangusha hata wenye uzoefu. King'ora cha dharura kimelia, watu wamekusanyika, na baada ya dakika 20 imetangazwa kuwa hali ni shwari. Mafundi wenye vibali vilivyokuwa vinatumika wafanye nini? Chaguo linalovutia ni kurudi kazini kwa kuwa vibali vyao havijaisha. Jibu sahihi ni kwamba king'ora kimevisimamisha vyote, na hakuna anayeendelea mpaka mtoa kibali aende mahali pa kazi, aone kama kufuli bado zipo, hewa ipimwe upya panapohusika, kisha aidhinishe tena kwa saini na saa. Katika zile dakika 20, wafanyakazi wa chumba cha udhibiti huenda walifungua au kufunga valvu ili kuuokoa mtambo, na fundi aliyesimama kwenye uwanja wa kukusanyikia hana njia ya kujua ni zipi.