Daftari la Akaunti za Nyumbani (Sehemu ya Pili): Funguo Zote Kwenye Laini Moja

Katika sehemu ya kwanza tuliorodhesha akaunti za familia nzima. Leo tunaongeza safu ambayo wengi huiruka: kila akaunti inarejeshwa kwa njia gani, na njia hiyo nayo inategemea nini. Hoja yangu ni kwamba safu hiyo ina thamani kuliko safu ya nywila. Nywila ikisahaulika, huwekwa nyingine, mradi njia ya kurejesha iwe hai. Njia hiyo ikifa, hata anayekumbuka nywila yake barabara anaweza kubaki nje, kwa kuwa mtandao humtaka kwanza namba iliyotumwa kwenye simu.

Tuchukue familia ya kufikirika ya Dar es Salaam. Mama anatumia Gmail, na humo ndimo zinamofika taarifa za benki na za shule za watoto. Namba ya kurejeshea akaunti ni laini yake ya simu. Barua pepe mbadala ni ya Yahoo aliyoifungua zamani. Kwa macho ana njia mbili. Ukiziandika daftarini na kuuliza kila moja inategemea nini, mambo yanabadilika: Yahoo yenyewe inarejeshwa kupitia ileile Gmail, na laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha baba. Simu ikiporwa kituo cha daladala, mama hawezi kwenda dukani kurudishiwa laini, maana zinatakiwa alama za vidole za mwenye usajili, na baba yuko safarini Mbeya. Njia mbili zimegeuka kuwa moja, na hiyo moja iko kwenye vidole vya mtu aliye mbali. Jambo hili halionekani mpaka liandikwe, kwa sababu kila akaunti ikitazamwa peke yake inaonekana salama.

Dawa ni kutafuta angalau njia moja isiyopita kwenye laini. Google hutoa namba mbadala kumi, kila moja ya tarakimu nane, kwa aliyewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Zinapatikana kwenye myaccount.google.com, sehemu ya usalama. Kila namba hutumika mara moja tu, na ukiomba seti mpya, ile ya zamani inakufa yote. Kwa hiyo andika tarehe juu ya karatasi, la sivyo siku ya shida utahangaika na namba zilizokwisha kufutwa. Tena namba hizi huziba pengo la simu tu, si la nywila, kwa hiyo bado nywila itahitajika. WhatsApp ina utaratibu wake: PIN ya tarakimu sita, na barua pepe ya kuiwekea upya. Aliyesahau PIN bila kuweka barua pepe anaweza kusubiri siku saba kabla ya kuingia. Kwa mtu anayepokea oda za biashara humo, wiki ni ndefu.

Kuna watakaosema daftari la namna hii ni zawadi kwa mwizi. Hofu hiyo ina msingi ikiwa nywila na namba mbadala vimeandikwa ukurasa mmoja. Lakini daftari ninalolieleza halina nywila. Linasema akaunti ni ipi, ya nani, inarejeshwa kupitia laini ipi iliyosajiliwa kwa jina la nani, na karatasi ya namba mbadala imekabidhiwa nani. Karatasi yenyewe ikae kwingine, penye hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa. Wengine watasema simu inakumbuka kila kitu. Ni kweli inakumbuka, ila nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome na kusawazishwa ziko ndani ya akaunti ya Google, yaani nyuma ya mlango uleule uliofungwa.

Linabaki la kujaribu. Mara mbili kwa mwaka, na kila laini inapobadilishwa, mwenye akaunti abonyeze sehemu ya kusahau nywila, aone namba na barua pepe zinazotajwa, kisha atoke bila kumaliza. Tarakimu za mwisho zikiwa za laini iliyoachwa, kosa limepatikana mapema. Ila jaribio hili lina udhaifu: Google huangalia pia kama kifaa na mahali vimezoeleka, hivyo kinachopita kirahisi sebuleni kinaweza kukataliwa kwenye kompyuta ya mgahawa wa intaneti. Ndiyo maana daftarini kiandikwe pia kifaa cha pili cha nyumbani ambamo akaunti imekwisha kufunguliwa, hata kama ni ile kompyuta ya zamani ya mtoto.

Wiki ijayo: akaunti za aliyefariki.