Ugumu Uliogeuza Jibu: Namna ya Kuandika Tafakuri ya Kazi Mradi ya Historia

"Vitabu vilikuwa vichache, muda haukutosha na mtandao ulisumbua, lakini nilijitahidi hadi nikamaliza." Maneno ya namna hii hujaa katika tafakuri za wanafunzi wa historia. Huenda yote ni ya kweli. Hata hivyo humpatia mwandishi alama chache, kwani mwanafunzi wa kemia au wa kilimo angeweza kuyaandika vilevile bila kubadili neno. Aliyeyasoma hajui mwandishi alichunguza tukio gani, alisoma nini, wala ugumu huo uliligusa vipi jibu lake.

Tafakuri hii hudaiwa katika mitaala kadhaa. Katika Diploma ya Kimataifa, ile inayoitwa IB na kufundishwa katika baadhi ya shule za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, kazi mradi ya historia haizidi maneno 2,200. Mwongozo ulioanza kutahiniwa mwaka 2017 unaigawa katika sehemu tatu: tathmini ya vyanzo viwili, uchunguzi wenyewe, na tafakuri ya maneno yapatayo 400. Tafakuri ina alama 4 kati ya 25. Inamtaka mwanafunzi aeleze kazi yake imemfunulia nini kuhusu mbinu za mwanahistoria na vikwazo vinavyomkabili. Shule nyingi hudai pia shajara ya kazi, yaani daftari ambamo mwanafunzi huandika hatua zake tangu kuchagua swali hadi kukabidhi nakala ya mwisho. Shajara hiyo ndiyo ghala ya tafakuri, na asiye nayo hujikuta akitunga matatizo usiku wa mwisho.

Jambo la kwanza la kutenganisha ni ugumu wa mwanafunzi na ugumu wa mwanahistoria. Umeme ukikatika, au kitabu kikiwa kimeazimwa na mtu mwingine, huo ni ugumu wa mwanafunzi. Shahidi kuhojiwa miaka sitini baada ya tukio, au hati zote za wakati ule kuwa zimeandikwa na upande mmoja wa vita, ni ugumu wa mwanahistoria. Ule wa kwanza unastahili sentensi moja katika shajara. Wa pili ndio unaostahili tafakuri nzima.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kidato cha juu anayechunguza Vita vya Majimaji. Swali lake ni hili: kwa kiasi gani imani ya maji iliwaunganisha watu wa kusini mwa Tanzania ya leo katika vita vya 1905 hadi 1907? Anafahamu mwenendo wa jumla. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa dawa ya maji iliyoahidi kuwakinga watu na risasi za Wajerumani. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba katika mashamba ya lazima, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, siku chache tu baada ya hapo, lakini mapambano yakaenea hadi kwa Wangoni wa Songea na kwingineko.

Mezani ana vyanzo vitatu. Cha kwanza ni kitabu cha Gustav Adolf von Götzen, gavana wa Kijerumani wakati wa vita, kilichotoka mwaka 1909. Cha pili ni masimulizi ya wazee yaliyokusanywa vijijini mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mradi wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambamo wanafunzi wenyewe walikwenda kuhoji. Cha tatu ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, ya mwaka 1969.

Katika wiki ya pili, shajara yake inasema: "Nimeandika kwamba Kinjikitile mwenyewe alianza kuyatilia shaka maji yake. Mwalimu ameuliza nimelitoa wapi. Nimefuatilia madokezo yangu na kukuta ni kwenye tamthilia. Nimelifuta, na kuanzia leo kila dokezo litakuwa na chanzo na ukurasa."

Andiko hili ni zuri kwa sababu linataja kosa mahususi, namna lilivyogunduliwa na hatua iliyofuata. Tena kosa lenyewe ni la kihistoria hasa. Hussein alikuwa mtunzi wa jukwaa. Alimjenga mhusika anayesumbuliwa na swali la ukweli na umoja, na hilo lilikuwa haki yake kama msanii. Tamthilia hiyo imesomwa sana shuleni kiasi kwamba shaka ya mhusika huyo imeingia vichwani mwa watu kana kwamba ni ushahidi wa mwaka 1905. Mwanafunzi anaweza kuitumia tamthilia kama chanzo cha namna Majimaji yalivyofikiriwa miaka michache baada ya Uhuru. Hawezi kuitumia kueleza kilichokuwa moyoni mwa Kinjikitile.

Lakini ugumu mkubwa zaidi unajitokeza wiki ya tano. Shajara inasema: "Götzen anayapa maji uzito mkubwa. Masomo ya miaka ya 1960 nayo yanayapa uzito mkubwa. Nimeandika kwamba vyanzo viwili vya pande zinazopingana vinathibitishana. Leo nimesoma kwamba kila upande ulikuwa na sababu yake ya kutaka maji yaonekane makubwa. Sijui nifanye nini na aya yangu."

Hapo ndipo penye utajiri wote wa mradi huu. Wanafunzi hufundishwa kwamba vyanzo viwili vikikubaliana, jambo limethibitika. Götzen alikuwa gavana aliyepaswa kueleza kwa nini koloni lake limewaka moto. Kulaumu uchawi na njama za waganga kuliondoa macho kwenye kodi, mijeledi ya maakida na kazi za kulazimishwa katika mashamba ya pamba. Watafiti wa miaka ya 1960 walifanya kazi katika taifa changa lililotafuta mizizi ya umoja wake, na vita vilivyounganisha makabila mengi chini ya imani moja vilikuwa jibu lenye mvuto. Pande hizo mbili zilifika mahali pamoja kwa njia tofauti na kwa haja tofauti. Katika miaka ya 1990 wanahistoria kama Thaddeus Sunseri na Jamie Monson waliitazama upya picha hiyo na kuhimiza sababu za kila eneo zichunguzwe.

Mwanafunzi wetu anaamua mambo mawili. Analibana swali lake ili alinganishe Umatumbi na Ungoni tu, badala ya kusini yote. Kisha anaandika upya hitimisho: badala ya kudai kwamba maji yaliwaunganisha watu, anasema maji yaliwapa ahadi moja watu waliokuwa na malalamiko yasiyofanana. Shajara yake inaonyesha aya ya zamani na mpya, zote mbili.

Sasa anaandika tafakuri. Hii hapa sehemu yake moja, jinsi inavyoweza kusomeka:

"Mwanzoni nilichukulia kukubaliana kwa Götzen na masimulizi ya wazee kuwa uthibitisho. Niliposoma tafsiri za karibuni nilitambua kwamba nilipaswa kuuliza kwanza kila chanzo kilihitaji nini kutoka katika hadithi ya maji. Götzen alihitaji sababu isiyogusa utawala wake. Utafiti wa miaka ya 1960 ulihitaji historia ya umoja. Hili halikunifanya nivitupe vyanzo hivyo. Masimulizi ya wazee yalinipa maelezo ya kazi ya pamba jinsi ilivyoonekana na waliolima, jambo ambalo gavana hakuwa na nafasi wala nia ya kulieleza. Lakini nilipunguza dai langu kuhusu umoja, na nikalinganisha maeneo mawili badala ya kusini yote. Bado sikuweza kupima kilichosahaulika kati ya 1905 na siku ya mahojiano, wala jinsi maswali ya wahojaji yalivyoelekeza majibu."

Angalia sehemu hii inavyosonga. Inaanza na alichodhani, ikafuata kilichomshtua, kisha sababu ya mshtuko, uamuzi aliouchukua, na mwisho kile ambacho hakukiweza. Sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Tafakuri ambamo kila tatizo limetatuliwa huzua shaka, kwa sababu kuna mapengo ya historia yasiyozibika. Wazee wale hawapo tena wa kuulizwa.

Mteremko mmoja wa kuuepuka ni kuishia kwenye hukumu nyepesi: "masimulizi si ya kuaminika kwa sababu watu husahau." Hukumu hiyo inawadhulumu wazee wa Umatumbi na Songea. Hati ya gavana nayo ina usahaulifu wake, ule wa makusudi. Tafakuri yenye haki huuliza kila chanzo kinajua nini ambacho kingine hakiwezi kukijua, na kinanyamazia nini. Mzee aliyeshika jembe la pamba anajua jambo fulani. Afisa aliyehesabu askari wake anajua jingine. Mwanafunzi aeleze alivyompa kila mmoja uzito, na kwa dai lipi.

Mwalimu msimamizi naye hugundua upesi tafakuri iliyotungwa baadaye. Ishara ya kwanza ni shajara isiyo na kufutafuta, ambayo maandiko yake yote yana urefu na sauti moja. Ya pili ndiyo nzito zaidi: ugumu unaotajwa hauachi alama yoyote katika insha. Mwanafunzi akisema alitambua upendeleo wa Götzen, halafu uchunguzi wake ukamnukuu Götzen bila tahadhari hata mara moja, basi utambuzi huo haukutokea. Kwa hiyo, kabla ya kukabidhi, achukue kila ugumu aliouandika na kuweka kidole chake kwenye mstari wa insha uliobadilika kwa ajili yake. Asipoupata mstari huo, ama airekebishe insha ama aufute ugumu huo.

Kuhusu urefu, maneno 400 hayabebi magumu sita. Mawili yanatosha, na moja likiwa zito kama hili la kukubaliana kwa vyanzo, linaweza kuchukua zaidi ya nusu ya nafasi. Tukio la tamthilia lichukue aya fupi. Habari za kukatika kwa umeme zibaki katika shajara.

Njia ya kupata maandiko kama yale ya wiki ya pili na ya tano si ngumu. Kila anapomaliza kusoma au kuandika, mwanafunzi ajibu maswali matatu kwa mistari michache: leo nimesoma nini, kimebadili nini katika jibu langu, na nini bado sikielewi. Aandike siku hiyohiyo, kwa sababu akishafika kwenye jibu jipya husahau upesi kwamba aliwahi kuamini tofauti. Na aya anayoifuta asiitupe. Aibandike katika shajara na kuandika kando yake sababu ya kuifuta. Siku ya kuandika tafakuri, ushahidi wa safari ya mawazo yake utakuwa tayari mbele yake, na kazi itakayobaki ni kuchagua.