Ajenti Anasema Una Malimbikizo ya Kodi? Omba Stetimenti ya Maandishi

Unalipa kodi ya duka kila mwezi kwa simu, halafu siku moja ajenti anakutumia ujumbe: "Una balansi ya 21,500. Lipa kabla ya Ijumaa." Wewe unajua umelipa. Yeye anasema mfumo wake hauonyeshi hivyo. Mkiendelea kubishana kwa simu, mnaweza kubishana hadi mwezi ujao. Kitu kinachomaliza ubishi huu ni karatasi inayoonyesha kila shilingi iliyopokelewa na kila gharama ya ukarabati iliyokubaliwa kukatwa kwa kodi. Hapa tunaeleza namna ya kuiomba na namna ya kuisoma.

Una haki ya kuiomba?

Kwa wapangaji wengi wa biashara, ndiyo. Sheria inayosimamia wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa nchini Kenya (Sura ya 301) inamtaka mwenye nyumba aweke kitabu cha kodi na kumpa mpangaji nakala yake. Kitabu hicho kinapaswa kuonyesha malipo yote ya kodi na pia ukarabati wote uliofanywa, na pande zote mbili zikithibitishe. Sheria hii inakuhusu kama mkataba wako haujaandikwa, au umeandikwa lakini ni wa muda usiozidi miaka mitano. Maduka mengi ya mtaani yako hapo.

Kumbuka jukumu hilo ni la mwenye nyumba. Ajenti anamwakilisha tu, kwa hivyo kusema "hizo rekodi uliza landilodi" si jibu. Barua yako waandikie wote wawili.

Kuna mpaka pia. Huwezi kudai kuona kodi ya wapangaji wengine, wala kiasi ambacho ajenti amemkabidhi mwenye nyumba. Hiyo ni hesabu yao. Unachoomba ni hesabu ya duka lako.

Anza na rekodi yako

Usiandike barua kabla hujajua namba zako. Omba stetimenti kamili ya pesa zako za simu kwa kipindi mnachobishania. Huja kama faili ya PDF kwa barua pepe, na hufunguliwa kwa namba ya siri.

Kwa stetimenti ya M-PESA, angalia safu nne: `Receipt No.` ambayo ndiyo kodi ya muamala, `Completion Time` ambayo ni tarehe na saa, `Details` ambayo huonyesha namba ya Paybill na akaunti uliyoandika, na `Withdrawn` ambayo ni kiasi kilichotoka. Ada ya muamala huja kwa mstari wake, kwa hivyo usiijumlishe kama kodi ya duka. Ajenti hakuipokea.

Skrinshoti ya SMS inasaidia, lakini stetimenti ina nguvu zaidi kwa sababu inaonyesha miezi yote kwa mfuatano, na ni vigumu mtu kusema umechagua jumbe zinazokufaa.

Mfano: saluni ya Githurai

Chukua mfano wa dada mwenye saluni Githurai. Kodi ni 15,000 kwa mwezi, na ubishi ni wa Januari hadi Juni. Kodi iliyopaswa kulipwa ni 90,000.

Januari, Februari, Mei na Juni alilipa 15,000 kila mwezi. Machi, bomba la sinki lilipasuka. Ajenti akamwandikia kwa WhatsApp amwite fundi, halafu akate gharama kwa kodi. Fundi alilipwa 6,500, naye akatuma 8,500 iliyobaki. Aprili alilipa 15,000, lakini kwa haraka akaandika akaunti B12 badala ya B21.

Jumla aliyotuma ni 83,500. Ukiongeza 6,500 za fundi, unapata 90,000. Hana deni hata shilingi moja.

Stetimenti ya ajenti ilipokuja, ilionyesha amepokea 68,500. Ndiyo maana anadai 21,500. Sasa angalia vizuri: 21,500 ni 15,000 na 6,500. Malipo ya Aprili yaliingia kwa duka la jirani, na gharama ya bomba haikuandikwa popote. Hakuna aliyeiba. Ni mistari miwili tu, na kila mmoja una ushahidi wake: kodi ya muamala kwa ule wa Aprili, risiti ya fundi na ujumbe wa WhatsApp kwa ule wa Machi. Bila stetimenti ya maandishi angebaki kubishania ile jumla, na jumla peke yake haikuambii tatizo liko wapi.

Barua ya kuomba

Iwe fupi, na itume mahali inapobaki na tarehe, kama barua pepe. Ukiipeleka ofisini kwa mkono, wagongee muhuri nakala yako.

*Mimi ni mpangaji wa duka namba B21. Naomba stetimenti ya maandishi ya akaunti yangu kuanzia Januari hadi Juni, ikionyesha: kodi iliyopaswa kulipwa kila mwezi, kila malipo mliyopokea, tarehe yake na kodi ya muamala, ukarabati uliofanywa na gharama zilizokatwa au kuongezwa, pamoja na risiti, na dipoziti mnayoshikilia. Naambatisha stetimenti yangu ya malipo. Naomba jibu kwa maandishi ndani ya siku saba. Nakala: mwenye nyumba.*

Siku saba hapa ni muda unaoomba wewe. Dipoziti iwe na mstari wake kwa sababu si kodi ya mwezi wowote, na ikichanganywa na kodi hesabu yote inaharibika.

Ikija, isome hivi

Weka stetimenti mbili kando kwa kando na ulinganishe kodi za muamala moja moja kabla ya kugusa jumla. Muamala ulio kwako lakini hauko kwake, uliza uliingia akaunti gani. Gharama iliyo kwake lakini huijui, omba risiti. Na kama alikupa namba yake binafsi ulipe huko, onyesha ujumbe ambao alikupa hiyo namba. Bila huo, anaweza kusema ile ilikuwa pesa ya mambo mengine.

Akikataa au akinyamaza

Usisimamishe kodi ili kumshinikiza. Kodi isipolipwa, mwenye nyumba anaweza kutuma dalali akamate mali yako chini ya Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi (Sura ya 293). Endelea kulipa ya kila mwezi kwa akaunti sahihi, na ubishanie lile deni la zamani peke yake.

Kisha peleka malalamiko kwa Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, ukiwa na stetimenti yako, barua yako na ushahidi kwamba ilipokelewa. Baraza hilo pia linaweza kumruhusu mpangaji afanye ukarabati ambao ni jukumu la mwenye nyumba na kukata gharama kwa kodi. Lakini usikate kabla ya kibali chake au makubaliano ya maandishi kama yale ya bomba.

Na kama wewe ni mpangaji wa nyumba ya kuishi? Sheria hii ya maduka haikuhusu, kwa hivyo anza na mkataba wako. Barua na namna ya kulinganisha hesabu ni zile zile. Mkishindwa kuelewana kuhusu pesa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.