Arifa ya Kweli, Hati ya Tapeli

Je, wajua kuwa barua pepe ya kitapeli inaweza kutumwa na Google yenyewe, ikapita kila ukaguzi wa uhalisi, na bado ikawa ya kitapeli? Ndivyo ilivyo kwa zile arifa zinazokuambia kuwa fulani amekushirikisha hati. Wengi tumezoea kutazama anwani ya mtumaji, na tukiona ni ya kampuni tunayoifahamu, tunabofya. Kwa arifa hizi, mazoea hayo yanakufikisha nusu ya njia tu.

Arifa halisi huzaliwa hivi. Mtu aliye ndani ya Google Docs anabonyeza kitufe cha `Share`, anaandika anwani yako, na mitambo ya Google inakutumia barua. Kwenye sehemu ya mtumaji unasoma jina la mtu huyo, kisha maneno `(via Google Docs)`, na anwani iliyo nyuma yake ni `drive-shares-dm-noreply@google.com` au nduguye `drive-shares-noreply@google.com`. Kwa hati za Microsoft, anwani unayoweza kuikuta ni `no-reply@sharepointonline.com`. Kwa arifa ya Google Docs, ukikuta anwani nyingine kabisa, hasa ya Gmail ya kawaida iliyopambwa kwa nembo ya Google Docs, huna haja ya kuendelea. Futa.

Lakini hata ikiwa yenyewe, anwani hiyo inathibitisha jambo moja tu: kwamba kuna hati, na kuna mtu aliyekushea. Mtu huyo ni nani, haisemi. Jina unaloliona ni lile alilojiandikia alipofungua akaunti, na hakuna aliyemdai kitambulisho. Mtu yeyote anaweza leo kufungua akaunti ya bure, akajiita kwa jina la bosi wako, akakushea hati saa hiyo hiyo. Google hapo ni kama kondakta wa basi la mikoani aliyekabidhiwa kifurushi: atakifikisha kwa uaminifu, lakini kilichomo hakijui.

Tuseme basi wewe ni katibu wa SACCOS. Asubuhi inaingia arifa yenye jina la mwenyekiti, na hati inaitwa “Marekebisho ya Posho”. Anwani ya mtumaji ni ile ya Google, haina kasoro. Shuka kwenye mwili wa barua. Pale panaposema fulani amekualika kusoma hati, jina hufuatiwa na anwani halisi ya aliyeshea, ndani ya mabano. Unakuta ni Gmail ya bure yenye jina la mwenyekiti na tarakimu tatu mwishoni, ilhali siku zote yeye huandika kwa anwani ya chama. Hapo tayari una sababu ya kutobofya.

Kama bado unataka kujua, iache barua ilivyo. Fungua kivinjari, andika mwenyewe `drive.google.com`, kisha uangalie sehemu inayoitwa `Shared with me`. Faili likiwepo, arifa ilikuwa ya kweli. Lisipokuwepo, usikimbilie kuhukumu: huenda limeshewa kwenye anwani yako nyingine, au Google imeshalitupa kwenye `Spam` ya Drive. Faida ya njia hii ni kwamba hukugusa linki ya mtu, na ukurasa ulioingilia umeuchagua wewe.

Sasa tuseme hati ya mwenyekiti imeonekana humo, na ukaifungua. Ndani hamna orodha ya posho. Kuna ukurasa mmoja tu wenye picha iliyofifishwa, na kitufe cha bluu kinachosema “Fungua faili kamili”. Matapeli wa siku hizi hupenda mtego huu, kwa sababu barua ni ya kweli, hati ni ya kweli, na linki ya sumu imesogezwa hatua moja mbele, mahali ambapo mlinzi wa barua pepe hafiki kwa urahisi. Ukibofya kitufe hicho unatolewa Google bila kuambiwa, na ukurasa unaofuata unakuomba nywila.

Hapo jiulize swali moja: mbona naombwa kuingia, na hati nimeisoma nikiwa nimeshaingia? Kuna wakati Google hukuomba uthibitishe upya, hilo ni kweli, ila hufanya hivyo kwenye `accounts.google.com`. Na ukikuta ukurasa unaokupangia nembo za Gmail, Outlook na Yahoo ili uchague barua pepe yako, huo ni wizi. Google haina kazi yoyote na nywila yako ya Yahoo.

Anwani ya ukurasa nayo ina namna yake ya kusomwa. Tazama hii ya kubuni:

```
https://docs.google.com.hati-mpya.example/ingia
```

Jicho linaona `docs.google.com` na kuridhika. Wewe ruka ile mikwaju miwili ya mwanzo, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, kisha usome kurudi kushoto. Mwenye ukurasa ni `hati-mpya.example`; yaliyotangulia ni mapambo aliyojiwekea. Kwenye simu, bonyeza linki na kuishikilia bila kuachia, anwani itajitokeza kabla hujaenda popote. Kufuli dogo lililo kando ya anwani lisikutulize: linasema mazungumzo yenu hayasikilizwi njiani, halisemi unazungumza na nani. Mimi namwamini zaidi mtunza nywila wa kivinjari. Akiwa kila siku anakujazia nywila, kisha leo akanyamaza, mara nyingi ni kwa sababu anwani siyo ile anayoifahamu, na yeye hahadaiki kwa nembo.

Kuna mtego mmoja ambao hata usomaji huo haukamati. Tarehe 3 Mei 2017 zilisambaa barua zilizosema mtu unayemjua amekushirikisha hati. Aliyebofya alipelekwa kwenye ukurasa halali kabisa wa Google, anwani ile ile ya `accounts.google.com`. Hakuna aliyeombwa nywila. Aliombwa ruhusa tu: programu iliyojiita “Google Docs” ilitaka kusoma, kutuma na kufuta barua zake, na kusimamia orodha ya anwani zake. Programu hiyo haikuwa ya Google. Ni mtu tu aliyeisajili kwa jina hilo. Waliokubali, barua ile ile ilijituma kwa watu waliomo kwenye orodha zao. Google iliizima ndani ya takriban saa moja, ikasema walioguswa hawakufika asilimia 0.1 ya watumiaji wa Gmail.

Uthibitisho wa hatua mbili haukuwasaidia wale waliokubali, kwa kuwa hapakuwa na nywila ya kuiba. Kilichotoa siri ni ombi lenyewe: kusoma hati uliyoshewa hakuhitaji ruhusa ya kufuta barua pepe zako. Aliyekwisha kubali ombi la namna hiyo aingie kwenye `myaccount.google.com/connections` na kuiondoa programu asiyoijua. Aliyeandika nywila yake kwenye ukurasa wa uongo aibadilishe mara moja, na pia aondoe vifaa vyote visivyo vyake kwenye orodha ya vilivyoingia.

Ukibaki na shaka, mpigie mwenyekiti kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Usimuulize kwa kujibu ile arifa, kwa sababu jibu lako litaenda kwenye anwani ya aliyekushea, na kama ni tapeli, atakujibu kuwa hati ni yake.