Kumuaga Mwalimu Mpenzi wa Sherlock Holmes

Mwalimu wa hesabu anastaafu. Shule nzima inajua kwamba akimaliza kusahihisha madaftari hufungua hadithi za Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa London aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle mwaka 1887. Wewe ni mwanafunzi wake wa zamani, na umepewa dakika tatu za kumuaga. Utaanzia wapi?

Wengi hukimbilia mapambo: kofia, kiko, na ule msemo maarufu wa kumwambia Daktari Watson kwamba jambo lenyewe ni jepesi. Mbele ya msomaji wa kweli, hapo umeshateleza. Doyle aliandika riwaya 4 na hadithi fupi 56 za Holmes, na msemo ule, kwa namna watu wanavyoutamka, haumo hata katika moja. Mwalimu atatabasamu kwa adabu, lakini atajua kwamba hukuvisoma vitabu anavyovipenda.

Anza na mwalimu mwenyewe, kisha ndipo umtafute Holmes. Andika mambo mawili au matatu aliyoyatenda na ukayaona kwa macho yako, halafu ukitafutie kila jambo kisa kinachofanana nalo kwa undani. Ukisema tu kwamba mwalimu alikuwa mwerevu kama Holmes, hujasema kitu, kwa sababu sifa hiyo inamfaa mtu yeyote. Lakini ukisema kwamba aligundua shida ya mwanafunzi kwa kuutazama ukimya wake, umemtaja yeye peke yake, na kipo kisa cha Holmes kinachokwenda sambamba na tendo hilo.

Kipimo cha pili ni ukumbi. Wageni wengi hawajazisoma hadithi hizi, kwa hiyo kila kisa kieleweke kwa sentensi tatu au nne. Kisa cha bendi yenye madoa, ambamo nyoka hupitishwa kwenye tundu la ukutani na kushuka kwa kamba ya kengele, kinasisimua kweli. Ila muuaji ni baba wa kambo aliyeziwinda roho za mabinti aliowalea, na hicho si kitu cha kusimuliwa mbele ya mlezi wa watoto. Kisa cha maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, nacho kiache. Humo Holmes hudhaniwa amekufa, na kustaafu si kufa.

Visa vitatu vinafaa vizuri zaidi. Katika "Silver Blaze", farasi wa mashindano anatoweka usiku na mbwa wa zizini habweki. Katika kisa cha chama cha wenye nywele nyekundu, mtu analipwa ili anakili kitabu. Cha tatu ni kile ambacho Holmes mwenyewe amestaafu. Hotuba inaweza kwenda hivi:

"Mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu na wazazi, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo.

Mwalimu wetu anampenda Sherlock Holmes, nami leo nataka kutoa ushahidi kwamba somo la mpelelezi huyo alilifundisha bila kulitaja.

Kuna hadithi ambayo farasi mashuhuri aliibwa usiku. Polisi walitafuta kilichotokea. Holmes akauliza kuhusu kisichotokea. Mbwa wa zizini hakubweka, kwa hiyo aliyeingia alikuwa mtu anayemfahamu. Mwalimu, wewe nawe uliusikia ukimya. Nilipokuwa kidato cha kwanza niliacha kunyosha mkono darasani. Wengine walidhani nimekuwa mvivu. Wewe uliniita mbele, ukaniomba nisome hesabu iliyo ubaoni kutoka dawati langu, kisha kutoka dawati la kwanza. Jioni hiyo ulimwambia mama yangu kwamba mtoto haoni vizuri. Miwani hii niliyovaa ilianzia hapo.

Kuna hadithi nyingine, ya mwenye duka mwenye nywele nyekundu, aliyelipwa pauni nne kwa wiki anakili kamusi ya elimu. Alifurahi sana. Hakujua kwamba kazi ile ilikuwa ya kumtoa dukani tu, ili msaidizi wake achimbe handaki la kuingilia benki. Holmes alimtambua mchimbaji kwa kuyatazama magoti ya suruali yake. Mwalimu, siku moja ulikusanya madaftari yetu ukakuta saba yana kosa lile lile katika mstari ule ule. Hukumpiga mtu. Ulituita saba sote, ukamtaka kila mmoja aeleze mstari ule umetoka wapi. Hakuna aliyeweza. Ukatuambia kwamba mwenye kunakili anafanya kazi huku mali yake ikiibwa. Wakati huo hatukukielewa kisa, leo tunakielewa.

Sasa unastaafu. Holmes naye alistaafu, akaenda Sussex kufuga nyuki, hata akaandika kitabu juu yao. Lakini mwaka 1914, vita vikinukia, serikali ilibisha hodi mlangoni pake, naye akatoka kwenda kumnasa jasusi. Nenda kwenye shamba lako, Mwalimu. Nasi tutabisha hodi.

Namalizia kwa jambo unalolijua kuliko sisi. Holmes hakutoka hewani. Doyle alisoma udaktari Edinburgh, na huko alikuwako mwalimu, Daktari Joseph Bell, aliyekuwa akimtazama mgonjwa na kutambua kazi yake na alikotoka kabla hajasema. Doyle alipotoa mkusanyo wa kwanza wa visa vya Holmes mwaka 1892, alimtabarukia mwalimu wake huyo. Sisi hatujaandika kitabu. Lakini kila mmoja wetu anayefanya kazi yake kwa kutazama kabla ya kusema, kazi hiyo ameitabaruku kwako. Ahsante, Mwalimu."

Hotuba hiyo ina maneno karibu mia tatu, yaani kama dakika tatu kwa mwendo wa mtu asiyekimbizwa. Isome kwa sauti nyumbani ukiwa na saa. Ikizidi, ondoa kisa kizima cha madaftari. Usipunguze maneno hapa na pale, kwa sababu kisa kilichokatwa vipande hakieleweki. Sehemu ya Daktari Bell usiiguse. Hapo ndipo sifa inapotoka kwa mpelelezi ikamfikia mwalimu, na ndipo yeye na wageni ambao hawajasoma wanapokutana.

Angalia pia kwamba sikumtaja aliyemwiba farasi. Kisa kinafanya kazi bila jina hilo, na mgeni atakayevutiwa atakwenda kukisoma mwenyewe. Fumbo la handaki limefichuliwa kwa sababu mafunzo yake yamo ndani ya ufumbuzi. Kabla ya kumwaga siri ya hadithi, jiulize kama hotuba inaihitaji.

Kama mwalimu wako anampenda Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wa Zanzibar aliyetokea katika "Mzimu wa Watu wa Kale" mwaka 1960, njia ni hiyo hiyo. Wapenzi wa Holmes watamtambua upesi kwa kiko chake na kwa Najum aliye pembeni yake kama Watson. Lakini usiishie kwenye kiko. Rudi kitabuni, utafute mahali Bwana Msa alipoona kitu ambacho wenzake walikipita, kisha umkumbuke mwalimu wako alipofanya vivyo hivyo darasani. Ukishapata mambo hayo mawili, nusu ya hotuba umeshaiandika.